Ukichanganya nyimbo, mbona msanii yuleyule anarudi rudi?

"Mtaalamu naomba msaada. Nina pleilisti ya nyimbo 100, wasanii 10, kila mmoja nyimbo 10, niliwapanga hivyo makusudi wawe sawa. Lakini nikibonyeza Shuffle kuna msanii anapigwa mara mbili mfululizo, saa zingine hadi tatu, na mwingine nasikiliza lisaa lizima simpati. Hii apu inabahatisha kweli au kuna wasanii wanalipiwa wapigwe zaidi?"

Ndugu yangu, kabla hujamtafuta mchawi hebu tupige hesabu kwanza, na umenirahisishia sana kwa kuwapanga wasanii wako sawa sawa, manake hesabu yako inatoka safi hata bila kikokotoo.

Chukua wimbo wowote unaopigwa sasa hivi, tuseme ni wa msanii A. Zimebaki nyimbo 99, na kati ya hizo 9 ni za huyohuyo A. Kwa hiyo nafasi ya wimbo unaofuata kuwa wa A tena ni 9 kwa 99, yaani 1 kwa 11. Si kubwa eh? Sasa watu wengi wanaishia hapo, wanaona 1 kwa 11 ni kitu cha nadra, wanasahau kwamba pleilisti ya nyimbo 100 ina maungio 99, yaani sehemu 99 ambapo wimbo mmoja unaisha na mwingine unaanza, na kila ungio ni kama unarusha dadu yenye pande 11. Rusha dadu hiyo mara 99 na upande mmoja utakuja kwa wastani mara 9. Basi ndo hivyo, ukichanganya pleilisti yako kwa haki kabisa, bila upendeleo wowote, tegemea msanii kujifuata mwenyewe mara 9 hivi kabla pleilisti haijaisha. Haimaanishi kuna kasoro, hiyo ndo bahati nasibu ikifanya kazi yake.

Na zile tatu mfululizo? Hesabu ni ileile, unaongeza hatua moja tu: baada ya nyimbo mbili za A zimebaki 98, za A ni 8. Zidisha 1/11 kwa 8/98, afu uzidishe kwa sehemu 98 ambazo nyimbo tatu zinaweza kuanzia, unapata kama 0.73. Kwa lugha nyepesi, ukichanganya pleilisti hii mara nyingi, karibu nusu ya mara hizo utakuta mahali fulani msanii mmoja amekaa nyimbo tatu mfululizo. Nusu! Sasa mtu akikutana nazo siku ya kwanza tu anayotumia apu mpya, anaiacha hapohapo.

Mbaya zaidi ni mwanzo wa pleilisti, kwa sababu hapo ndo masikio yako bado yako makini. Kufikia wimbo wa 5, kuna uwezekano wa kama 2 kwa 3 kwamba tayari msanii fulani ameshajirudia, si lazima mfululizo, ila amerudi. Na ile picha ambayo wengi wanayo kichwani, kwamba nyimbo 10 za kwanza zingetoka kwa wasanii wote 10 kila mmoja mara moja, ukichanganya kwa haki inatokea kama mara moja katika kila mara 1,700. Yaani kile unachokiita "kuchanganya vizuri" ndo kitu cha ajabu ambacho ungetakiwa kukishuku.

Hapo hapo nakujibu kuhusu yule msanii uliyemkosa. Lisaa lizima ni kama nyimbo 20, sivyo? Nafasi ya msanii fulani mmoja kukosekana kabisa kwenye nyimbo 20 za kwanza ni kama asilimia 9.5. Lakini unao wasanii 10, na wewe hukuchagua mapema utamkosa yupi, unamgundua baadaye kwamba hayupo. Kwa hiyo zidisha kwa 10, unakuta kwa wastani karibu msanii mmoja kila lisaa hatasikika. Leo ni huyu kesho ni yule, ila siku nyingi utakuwa na wa kumlilia.

Sasa kwa nini akili zetu zinakataa? Mi naona shida iko kwenye neno lenyewe. Tukisema "changanya" tunamaanisha kama unavyochanganya mchanga na saruji, mpaka usione bonge la mchanga huku na bonge la saruji kule, yaani kila kitu kimeenea. Bahati nasibu haifanyi hivyo, haina kumbukumbu. Ikishampiga A, haijui kwamba A ametoka kupigwa, na haimuonei huruma B aliyesubiri muda mrefu. Kitu kisicho na kumbukumbu lazima kitoe mabonge, na kuondoa mabonge kunahitaji mtu anayekumbuka na kupanga, ambayo ni kinyume kabisa cha kubahatisha.

Kama unabisha jaribu hii nyumbani: mwambie mtu akuandikie matokeo ya kurusha sarafu mara 20 bila kurusha, ya kichwani tu. Afu wewe rusha kweli mara 20. Yule wa kichwani ataruka ruka huku na huku, upande mmoja mara mbili, labda tatu, afu anabadilisha haraka kwa sababu anaona aibu, anahisi akiandika nne mfululizo utasema anadanganya. Sarafu ya kweli haina aibu, zaidi ya mara 3 kati ya 4 itakupa mahali upande uleule unatokea mara nne au zaidi mfululizo. Walimu wa takwimu wanatumia mchezo huu darasani kukamata wanafunzi waliojitungia majibu na mara nyingi wanawapata. Masikio yako kwenye pleilisti yanafanya kosa lilelile la yule aliyeandika kichwani.

Niseme kidogo jinsi kompyuta inavyochanganya kwa haki, manake njia yenyewe ni ya zamani kuliko apu zote za muziki. Wanatakwimu Ronald Fisher na Frank Yates waliiandika mwaka 1938, enzi hizo ni kalamu na karatasi, na mwaka 1964 Richard Durstenfeld akaiweka katika umbo la kompyuta ambalo bado linatumika. Unaanzia mwisho wa orodha, unachagua kwa kubahatisha wimbo mmoja kati ya zote ambazo hazijapangwa (na huo wa mwisho ukiwemo), unaubadilisha nafasi na ule wa mwisho, huo umeshapata kiti, unarudi nyuma hatua moja unafanya tena. Ni kama kuchanganya karata bila kurudisha karata mezani, kila wimbo utapigwa mara moja tu na kila mpangilio una nafasi sawa na mwingine. Usichanganye hii na kuchagua wimbo upya kila mara kutoka kwenye zote 100, manake hapo nyimbo zenyewe zingejirudia: ndani ya nyimbo 13 za kwanza tu, zaidi ya nusu ya mara ungesikia wimbo uleule mara mbili.

Kwa hiyo kiufundi tatizo lilikwisha zamani, na watu wakaanza kulalamika kuhusu suluhisho. Mwaka 2005 malalamiko yalikuwa yamejaa kwenye iTunes, programu ya muziki ya Apple, mpaka Steve Jobs alipotangaza toleo jipya akaleta kitu kilichoitwa Smart Shuffle, unavuta kitelezi kuamua nyimbo za msanii mmoja zikaribiane au ziachane, na yeye mwenyewe akaeleza kwamba wanapunguza ubahatishaji ili watu wahisi kuna ubahatishaji zaidi. Spotify nao walianza na njia ya Fisher na Yates, watu wakawaandikia hivyohivyo unavyoniandikia wewe, na mwaka 2014 mhandisi wao Lukáš Poláček akaeleza hadharani walivyobadilisha. Walichukua wazo la Martin Fiedler wa mwaka 2007, wakalirahisisha. Hilo ndo nataka tukae nalo, manake ukilielewa utaelewa apu nyingi.

Wazo lenyewe ni hili: acha kuangalia pleilisti kama mfuko wa nyimbo, iangalie kama mstari wenye urefu wa 100. Mchukue msanii mmoja mmoja. Kama ana nyimbo 4, basi anastahili kutokea kila baada ya 25 hivi kwenye ule mstari. Kama ana 2, kila baada ya 50. Unamtawanya kila msanii peke yake bila kuwajali wenzake, afu mwisho unawalaza wote juu ya mstari mmoja na kusoma kutoka kushoto kwenda kulia. Wanaotengeneza picha kwa rangi chache wana ujanja wa namna hii, wanasambaza vidoti vyeusi ili jicho lione kijivu laini badala ya madoa, na ndiko wazo lilikotoka.

Twende na mfano mdogo tuuone kwa macho. Nyimbo 10: msanii A anazo 4, B anazo 3, C anazo 2, D anao 1. Ukichanganya kwa haki tu, tegemea kwa wastani maungio 2 ya msanii kujifuata (kwa kila msanii zidisha idadi ya nyimbo zake kwa idadi hiyo ukitoa moja, jumlisha, gawanya kwa nyimbo zote: 12 na 6 na 2 na 0 ni 20, gawa kwa 10 ni 2).

Sasa tutawanye. A pengo lake ni 25. Hatumuanzishi sifuri, tunabahatisha mwanzo wake popote kati ya 0 na 25, tuseme imeangukia 10. Wimbo wa pili ungekuwa 35 kamili, lakini tukiweka mapengo yanayolingana kama meno ya kitana mtu atashtuka, kwa hiyo tunayumbisha kidogo: kila pengo linabahatishwa kati ya 20 na 30, na hiyo ndo mipaka waliyoitaja Spotify kwa msanii mwenye nyimbo 4. A akapata 10, 32, 61, 85. B pengo lake ni 33 hivi, akaanzia 21, na kwa kuyumba akapata 21, 56, 87. C pengo lake ni 50, akaanzia 35, akapata 35 na 79. D ana wimbo mmoja, anaweza kuangukia popote, akaangukia 47.

Panga namba zote kuanzia ndogo: A yuko 10, B 21, A 32, C 35, D 47, B 56, A 61, C 79, A 85, B 87. Soma majina peke yake unapata A B A C D B A C A B. Hamna aliyejifuata, A mwenye nyimbo nyingi kaenea mwanzo mpaka mwisho, na bado ukinipa hiyo foleni siwezi kusema moja kwa moja kwamba imepangwa. Kwa wanaojua kuandika programu, kazi yote ni hii, ila hapa mstari una urefu wa 1 badala ya 100:

```python
import random

def sambaza(wasanii):
    foleni = []
    for nyimbo in wasanii.values():
        random.shuffle(nyimbo)
        pengo = 1 / len(nyimbo)
        mahali = random.uniform(0, pengo)
        for wimbo in nyimbo:
            foleni.append((mahali, wimbo))
            mahali += pengo * random.uniform(0.8, 1.2)
    foleni.sort()
    return [wimbo for mahali, wimbo in foleni]
```

Ona kwamba `random.shuffle` bado imo ndani, ile njia ya 1938 haikutupwa. Inachagua ni wimbo gani wa A utangulie, ila haina tena mamlaka ya kuamua A akae wapi. Na ukitaka, badala ya kuchanganya tu nyimbo za A unaweza kurudia ujanja uleule kwa albamu zake, ili nyimbo za albamu moja nazo zisibanane.

Sasa ndugu yangu kuna kitu kuhusu pleilisti yako ambacho hutakipenda. Ile kuwapanga wasanii sawa sawa, 10 kwa 10, ndo hali mbaya kuliko zote kwa njia hii! Fikiria: kila msanii pengo lake ni 10. Kama hakuna kuyumba, msanii aliyeanzia 2 atatokea 12, 22, 32, na aliyeanzia 5 atatokea 15, 25, 35. Maana yake mpangilio wa wasanii kwenye nyimbo 10 za kwanza utajirudia vilevile kwenye 10 za pili, na 10 za tatu, mpaka mwisho. Mwalimu anaita majina darasani! Hakuna aliyejifuata hata mara moja, na bado baada ya nusu saa hivi mtu anaanza kutabiri nani anakuja, na hapo utasikia malalamiko mapya kwamba apu inarudia rudia.

Mi mwenyewe niliingia shimo hilo nilipoandika kicheza muziki changu miaka ya nyuma, nilijipongeza sana, nikamgawia rafiki yangu akajaribu na baada ya siku mbili akaniuliza kwa nini nimeweka nyimbo kwenye mzunguko. Nilikuwa nimeyumbisha, lakini nilikuwa nayumbisha kila wimbo kutoka kwenye nafasi yake ya kudumu, kidogo tu, huku na huku. Kuyumba kwa namna hiyo kunabadilishana majirani wawili watatu basi, mzunguko wenyewe unabaki. Dawa ni ile uliyoiona kwenye kodi hapo juu, pengo linabahatishwa upya kuanzia pale wimbo uliopita ulipoangukia, kwa hiyo kuyumba kunajilimbikiza: msanii huyu anachelewa kidogo kidogo, yule anawahi kidogo kidogo, na kufikia nyimbo za mwisho mtu anaweza kuwa amesogea nafasi 3 au 4 kutoka alipotakiwa kuwa. Mzunguko unavunjika wenyewe. Si kwamba unaisha kabisa, mwanzoni bado utausikia ukiwa na sikio kali.

Upande wa pili wa shilingi ni pale msanii mmoja anapozidi. Pleilisti ya nyimbo 20 ambayo 12 ni za mtu mmoja haina muujiza. Nyimbo zake 12 zina maungio 11 kati yao, na wewe una nyimbo 8 tu za wengine za kupachika humo, kwa hiyo hata upange kwa mkono usiku kucha, lazima mara 3 zisizopungua ajifuate mwenyewe. Watu wengi wanaolalamika ukifungua pleilisti zao unakuta ndo hivi, walipenda albamu moja wakaiweka yote, afu wanaongeza wimbo mmoja mmoja wa wengine. Na kinyume chake, pleilisti ambayo kila msanii ana wimbo mmoja, kila mtu anaangukia popote tu, hiyo ni sawasawa kabisa na kuchanganya kwa haki, njia mpya haina cha kuongeza.

Kuna kasoro nyingine ya kizembe ambayo inavuruga mambo kuliko hesabu zote hizi, nayo ni majina. Apu haimjui msanii kwa sauti, inamjua kwa maandishi yaliyo kwenye tagi za faili. Kama wimbo mmoja umeandikwa jina lake tu na mwingine umeandikwa jina lake pamoja na mgeni aliyeshirikishwa, na programu inalinganisha maandishi herufi kwa herufi, kwa apu hao ni watu wawili tofauti, inawatawanya kila mmoja kivyake, na matokeo yake wanaweza kuangukia jirani kabisa. Wewe unasikia sauti ileile mara mbili, apu inaapa haijakosea. Hata nafasi moja ya ziada mwisho wa jina inatosha kuleta balaa hilo. Kama nyimbo ni faili zako mwenyewe basi kabla ya kuilaumu apu panga orodha kwa jina la msanii, uone kama kuna mtu katokea mara mbili kwa majina yanayokaribiana.

Na kuna hii ya kuanza upya kila siku. Kutawanya kunafanya kazi ndani ya foleni moja. Ukifunga leo baada ya nyimbo 20 na kesho ukabonyeza Shuffle tena, apu nyingi zinatengeneza foleni mpya kabisa, haikumbuki ya jana. Kwa nyimbo 100, kati ya 20 za leo tegemea 4 ulizisikia jana (20 mara 20 gawa kwa 100), na zile 4 ndo utakazozikumbuka, zile 16 ambazo hukuzisikia jana hazikushtui. Ukitaka kukwepa hili usibonyeze Shuffle upya, endelea pale foleni ilipoishia mpaka nyimbo zote 100 ziishe, hapo ndo ahadi ya kila wimbo mara moja inatimia.

Sasa kuhusu kulipiwa. Kwenye pleilisti uliyoipanga mwenyewe mi ningeanza na hesabu kabla ya njama, na uzuri ni kwamba unaweza kupima. Bonyeza Shuffle, usisikilize, fungua ile foleni ya nyimbo zinazofuata uhesabu maungio ambayo msanii anajifuata (tatu mfululizo zinahesabika maungio mawili). Andika, changanya upya, hesabu tena, fanya mara 10. Kama apu inaonyesha sehemu tu ya foleni haidhuru, hesabu maungio uliyoyaona na ulinganishe na 1 kwa 11. Foleni moja moja zitatofautiana, moja itakupa 6 nyingine 12, saa zingine hata 4 au 14, usishtuke, angalia wastani wa zote kumi.

Wastani ukiangukia kati ya 7 na 11 hivi, apu yako inachanganya kwa haki kabisa, tena haijalainisha chochote. Ukipata sifuri au moja kila mara basi inatawanya, na kama ni hivyo na bado unasikia kurudia, rudi kwenye majina ya tagi au ile habari ya foleni ya jana. Ukipata 15 na kuendelea kwa wastani, hapo nakubaliana na wewe kuna kitu.

Ila njama ina alama yake tofauti, haionekani kwenye maungio. Msanii aliyependelewa hawezi kupigwa zaidi ya nyimbo zake 10 ndani ya foleni ya nyimbo 100, anachoweza kupewa ni kutangulizwa. Kwa hiyo kwenye zile foleni zako 10 andika pia nyimbo 10 za kwanza ni za nani. Zitakuwa nyimbo 100 jumla, kila msanii anatakiwa awe na kama 10, na mtu kupata 5 au 16 ni kawaida tu. Ukimkuta mmoja ana 30, hapo ongea.

Na hata hapo usikimbilie kusema kalipiwa, manake kuna kosa moja la waandishi wa programu linaloleta upendeleo bila mtu kukusudia. Badala ya kuchagua kati ya nyimbo ambazo hazijapangwa, mtu anachagua kati ya zote kila hatua, inaonekana hata ni haki zaidi. Jaribu na nyimbo 3: hatua tatu, kila hatua chaguo 3, jumla njia 27, lakini mipangilio ya nyimbo 3 ni 6, na 27 haigawanyiki kwa 6. Lazima mipangilio mingine ipate njia 5 na mingine 4. Nyimbo zilizoanzia sehemu fulani za orodha zinapendelea kuishia sehemu fulani, siku zote. Ukiona hivyo panga pleilisti yako ya asili kwa mpangilio tofauti, msanii wa juu mpeleke chini, afu rudia kipimo. Upendeleo ukihama pamoja na nafasi badala ya kumfuata msanii, ujue aliyekosea ni mwandishi wa programu, na hamna hela iliyotembea.